Chati ya nywele 1A mpaka 4C: maswali mnayoniuliza kila siku

Nasuka nywele miaka mingi sasa na sipitishi wiki bila mtu kunionyesha simu yake na kuniuliza "dada, mimi ni foo si au foo bii?" Basi nimeamua kuandika majibu yote sehemu moja, maana nimechoka kurudia. Sio mafupi, kaa kabisa.

Hii chati ni nini na nani aliianzisha?

Ni njia ya kugawa nywele kwa kuangalia zinavyojikunja. Kuna makundi manne: 1 ni zilizonyooka, 2 zenye mawimbi, 3 zenye pete zinazoonekana vizuri, na 4 ndio hizi zetu wengi, zinazojikunja kwa kubana sana. Halafu kila kundi limekatwa kwa herufi A, B, C, na kadri herufi inavyosogea mbele ndivyo mkunjo unavyobana.

Aliyeisambaza ni Andre Walker, Mmarekani mweusi, msusi wa Oprah Winfrey kwa miaka mingi, na aliiweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1997. Kwa hiyo sio kitu cha kliniki wala cha maabara, ni msusi aliyekuwa anataka lugha ya kuongea na wateja wake. Hilo likae kichwani maana watu wanaiongelea kama kundi la damu vile, kwamba umezaliwa nalo na cheti unacho.

Napimaje nyumbani?

Osha kwa shampuu, suuza vizuri, usipake kitu chochote, sio kandishna ya kuacha, sio mafuta, sio jeli, halafu ziache zikauke zenyewe bila blodraya na bila kuzichana chana. Zikikauka chukua unywele mmoja mmoja sehemu tofauti za kichwa, weka juu ya karatasi nyeupe, angalia umbo.

Watu wa mtandaoni wanapima pete kwa vitu vya kawaida. Pete pana kama mshumaa wa dukani ni 3A, pana kama kalamu ya maka ni 3B, pana kama penseli ni 3C (hiyo penseli tutairudia huko chini, usiisahau). Ikiwa nyembamba kama sindano ya kufumia kroshia lakini bado unaiona ni pete, hiyo ni 4A. Unywele ukiacha kuzunguka ukaanza kukata kona kali kama herufi Z, ni 4B. Na 4C ni ule ambao kona zimebana mpaka jicho halioni mpangilio wowote.

Ngoja niwape mfano wa kweli. Mdogo wangu aliambiwa saluni fulani kwamba yeye ni 4C, "nywele ngumu hizi", akaongezewa hela ya kusuka juu. Akaja kwangu Jumapili amenuna. Tukamwosha saa nne asubuhi, akakaa barazani mpaka zikakauka kabisa, ikafika kama saa nane. Nikachukua nyuzi nne: mbele, utosini, nyuma ya sikio na kisogoni. Ya kisogoni ilikuwa na vipete vidogo safi kabisa, 4A bila ubishi. Nyuma ya sikio nusu pete nusu kona. Utosini Z tupu. Ya mbele ilikuwa imelegea kuliko zote, lakini huyu alisuka rasta za kubana tangu darasa la tano na nywele za mbele zimechoka, kwa hiyo hapo sijui hata ulikuwa mkunjo wake au uchovu tu.

Ule wa utosini nikaupima na rula. Ukiwa umejikunja wenyewe ulikuwa sm 6, nilipounyoosha taratibu na vidole viwili ukafika sm 20. Yaani 14 kati ya 20 zimefichwa ndani ya mkunjo, asilimia 70. Huko ndiko kusinyaa tunakokusema kila siku, na ndio maana mtu anakwambia "zako hazikui" kumbe zimekua zimekaa tu ndani. Nikaulowesha, ukashuka kama sm 11. Kisha nikampaka jeli utosini nikazungushia kidoleni, vikatokea vipete vizuri, nikampiga picha. Ukiionyesha ile picha kwa mtu wa chati atakuandikia 4A bila kufikiri. Kichwa kile kile, siku ile ile.

Kwa hiyo mbona kila mtu ananipa namba tofauti?

Sababu unayo hapo juu. Kichwa kimoja kina aina mbili tatu, nywele mbichi sio sawa na kavu, na zenye jeli sio sawa na tupu. Picha nyingi mnazojilinganisha nazo zimepigwa zikiwa na maji na jeli halafu taa ya duara mbele. Ukikaa na nywele zako kavu za alfajiri ukazilinganisha na hizo, lazima ujione umefeli.

4C ilikuwepo tangu mwanzo?

Hapana, na hapa ndio pa kukaa kidogo. Kwenye mpango wa mwanzo wa Walker kundi la 3 lilikuwa na A na B tu, na la 4 vile vile A na B. 3C na 4C ziliongezwa na wenye nywele wenyewe kwenye mitandao kama NaturallyCurly, baada ya kujitafuta kwenye chati wakakosa pa kuingia. Fikiria, nywele zilizobana kuliko zote ndizo zilisahaulika, mwenye nazo ikabidi ajichoree kiboksi mwenyewe pembeni.

Na hata kile kiboksi kilipoongezwa kikaelezewa kwa kile kisichokuwepo. Soma maelezo ya 3A: pete zinang'aa, zina mpangilio, zinaruka ruka. Njoo 4C: hazina mpangilio, hazionyeshi pete, hazishiki unyevu, hazifiki mgongoni. Kila sentensi "ha-". Mimi naweza kukueleza 4C kwa yaliyopo: zinasimama zenyewe bila kitu, zinashika mtindo wiki nzima, zinabeba umbo lolote unalokata, twende kilioni zikisukwa kwa nywele hizo mistari inakaa wima hata bila kubandika rasta, jaribu kitu hicho kwa 2B uone zinavyofumuka kabla hujafika kituo cha daladala. Lakini hiyo huioni kwenye chati.

Namba ni namba tu jamani, ubaguzi uko wapi?

Wengi wananijibu hivyo na sio swali la kijinga. Kweli ungeweza kusema 1 ni mkunjo sifuri na 4 ni mkunjo mwingi, kama kipimajoto, hakuna aliyetukanwa. Wakosoaji hawasemi kwamba Walker alikaa chini akaandika "hizi bora hizi mbaya". Wanachosema ni kwamba mpangilio unaongea wenyewe hata kama aliyeupanga kanyamaza.

Kwanza umeanza na zilizonyooka kama ndio kituo cha mabasi, zingine zote zinahesabiwa zimefika umbali gani kutoka hapo. Ungeweza kuanzia upande wa pili, 1 iwe zilizobana na 4 iwe zilizonyooka kwa kuwa "zimekosa mkunjo", vipimo vingebaki vile vile kabisa. Lakini isome hivyo kwa sauti uone masikio yako yanavyoshtuka.

Pili, sisi tuliosoma Tanzania tumelelewa na matokeo ya fomu foo. Divisheni wani unachinjiwa mbuzi, divisheni foo mama anafunga redio. Na A ni A, C ni "angejitahidi". Sasa mtoto wa miaka 14 aliyekulia humo unamwambia nywele zake ni foo si, unategemea asikie nini? Yaani inasikika kama foo ya ishirini na nane. Najua chati haikutengenezewa kwetu, ila inasomwa kwetu.

Tatu ni maneno ya mwenye chati mwenyewe. Mwaka 2011 kwenye mahojiano na jarida la Elle, Walker alisema anapenda watu wakubali nywele zao za asili, lakini hizi za kipilipili zina mitindo michache na ndio aina pekee anayoshauri ibadilishwe kwa rilaksa ya kitaalamu. Watu waliwaka moto, na walikuwa na haki. Unaweza kubishana namba haina nia, lakini kama aliyeipanga anasema kundi moja tu kati ya manne ndilo linahitaji dawa, basi si kipimajoto tena hicho.

Na nne ni pesa na picha. Harakati za nywele asilia zilipopamba moto Marekani kwenye miaka ya 2000 na 2010, wenye nywele za 4 walianza kulalamika kwamba kopo limeandikwa ni la nywele zetu lakini binti kwenye tangazo ana 3B. Huo ubaguzi wa ndani kwa ndani, wa weusi kwa weusi kupangana kwa ulegevu wa mkunjo, una jina lake kabisa huko Marekani siku hizi, na chati ndio iliyowapa watu rula ya kuupimia: zamani ulisema "ana nywele nzuri", sasa unasema "ana 3C", maana ile ile, imevaa koti jeupe la daktari.

Nimeona video inasema chati ilitoka kwa Wajerumani Namibia. Kweli?

Nusu kweli, na nusu ya pili inachanganywa vibaya. Kulikuwa na mtaalamu wa Kijerumani, Eugen Fischer, aliyekwenda Rehoboth mwaka 1908, ambayo sasa ni Namibia, kuwapima watu waliochanganya damu za Kizungu na za Kiafrika, kitabu akakitoa 1913, na fikra zake zilikuja kutumika na Wanazi. Alikuwa na kiboksi chenye vishada 30 vya nywele za bandia vya kulinganishia. Ila kile kiboksi ni cha rangi ya nywele, kutoka nyeusi mpaka za dhahabu. Hakipimi mkunjo. Kwa hiyo anayekuonyesha picha ya kiboksi akasema "hii ndio babu wa 4C" anakupotosha, hakuna ushahidi wa Walker kuchukua kitu pale.

Kinachofanana ni desturi. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20 waligawa binadamu wote kwa nywele: zilizonyooka, za mawimbi, za kama sufu ya kondoo, na mgawo huo wakauweka pamoja na nani kaendelea na nani kabaki nyuma.

Ukitaka mfano wa nywele kuamua maisha ya mtu nenda Afrika Kusini. Sheria ya kuandikisha watu kwa rangi ilipitishwa 1950, na pale ambapo mtu hakueleweka ni mweupe au chotara, walitumia penseli. Inachomekwa kwenye nywele, ikidondoka wewe mzungu, ikibaki imekwama sio mzungu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kupangwa tofauti, na kwa hiyo shule tofauti na mtaa tofauti. Sheria ilifutwa 1991. Sasa rudi pale juu nilipokwambia 3C inapimwa kwa penseli. Aliyechagua penseli kwa 3C sidhani alikuwa na hili kichwani, alichukua tu kilichokuwa mezani. Lakini mimi tangu nilipojua hilo siwezi tena kumwekea mteja penseli kichwani.

Si hao wazungu tu, au na sisi tulikuwa na chati yetu?

Tunayo tena haina hata herufi. Singa na kipilipili. Nywele za singa ni ndefu laini zilizolala, tulizisema za Waarabu na Wahindi na Wazungu na wenye asili yao, na mtoto akizaliwa pwani nazo bibi anazipitisha mkono mbele ya wageni wote. Kipilipili ni za kwetu, neno limetoka kwenye pilipili, zile zinazojikusanya vifundo vifundo kama punje za pilipili manga. Wasomi wa Ulaya nao waliziita punje za pilipili nywele za Wasan wa kusini mwa Afrika, kwa hiyo jicho hilo tumekutana nalo njiani.

Halafu kuna "ngumu" na "laini", na hapa ndio pananiuma kama msusi kwa sababu ni uongo wa kiufundi. Unywele uliobana sana sio mgumu. Unatoka kwenye kifuko kilichopinda chini ya ngozi, ukiukata ukautazama kwa darubini hauko duara, umebonyea kama utepe, na kila unapokata kona ndipo unapokuwa dhaifu. Mafuta ya asili ya kichwani nayo yanashindwa kuteremka kwenye kona zote hizo kwa hiyo ncha zinabaki kavu. Yaani hizi ndizo nywele za kushikwa kama yai, lakini kwa kuwa tumeziita ngumu mtu anachukua chanuo anaanza kuvuta kutoka kwenye shina nywele zikiwa kavu, zinakatika, halafu anasema "unaona, hazikui". Jina ndio limezikata.

Hakuna njia ya kupima bila kupanga kwa ubora?

Watafiti wa L'Oréal walichapisha moja mwaka 2007. Walipima nywele za watu 1,442 kutoka nchi 18, bila kuweka kabila wala rangi ya mtu kwenye mgawo, wakaangalia upana wa mkunjo, uwiano wa unywele ukiwa umenyooshwa na ukiwa umejikunja (ule wa mdogo wangu 20 kwa 6, kama 3.3 hivi) na idadi ya mawimbi. Wakapata makundi 8. Uzuri wake ni kwamba ni rula, sio jicho la mtu, na nywele zilizobana zinapewa makundi kadhaa badala ya kurundikwa mwishoni. Ila cheka na mimi kidogo: kundi la kwanza ni lipi? Zilizonyooka. La nane? Unajua mwenyewe.

Nikishajua ni 4C ninunue mafuta gani?

Hapa chati inakuacha njiani kabisa, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko hata la ubaguzi. Umbo la mkunjo haliniambii unywele wako ni mnene au mwembamba, kichwani ziko nyingi au chache, wala zinanyonya maji haraka au zinayakataa. Na hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua nikupake nini. Nina wateja wawili, wote utosini ni Z safi. Mmoja nikimpulizia maji yanakaa juu kama matone kwenye jani la mgomba, huyo nampa maji ya uvuguvugu, kandishna nyepesi, namfunika mfuko wa nailoni dakika 20 joto liingize, na siagi ya shea simpi, itamkalia tu juu kama nta. Mwingine alipaka rangi mwaka juzi, maji yananyonywa kabla sijaweka chupa chini na baada ya saa moja nywele ni kavu tena, huyo ndio nampa krimu nzito na mafuta juu ya kufungia. Ningefuata chati ningewauzia kopo moja.

Jaribu hilo la kupuliza maji mwenyewe, kwenye nywele safi zisizo na kitu. Lile la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uangalie unazama au unaelea silipendi, unywele wenye mafuta kidogo tu unaelea hata uwe umeharibika vipi.

Basi niitupe chati?

Mimi sijaitupa. Ukitafuta YouTube mtu mwenye nywele kama zako, ukiandika 4C unampata, ukiandika "nywele ngumu" unaletewa tangazo la rilaksa. Kwa kutafutia, inafaa, na wengi Marekani na hapa waliacha dawa baada ya kumwona mtu mwenye namba yao anasuka bila shida. Ninachokataa ni namba kutumika kwenye bei na kwenye sifa. Saluni ikikwambia 4C ni elfu tano zaidi, uliza kama wanalipisha muda au namba, maana kichwa chenye nywele nyingi za 3C kinanichukua muda mrefu kuliko cha 4C chenye nywele chache.

Kwangu kwenye daftari la wateja naandika tu: mbele vipi, utosini vipi, kisogo vipi, zinanyonya au hazinyonyi, mara ya mwisho kupaka dawa lini. Mdogo wangu alichungulia ukurasa wake akauliza namba yake iko wapi. Nikamwambia hiyo hapo, sm 20.